Mshauri wa Nairobi, kiwanda cha Dar na asilimia 15 iliyosahaulika

Barua ilikuwa na kurasa tatu, na mwenye kiwanda alikuwa ameisoma mara nyingi hadi pembe zimejikunja. Kiwanda chake kinasaga na kufungasha unga wa lishe. Mwaka 2023 alimwita mshauri wa usalama wa chakula kutoka Nairobi amtengenezee mfumo wa ubora ili bidhaa zake ziingie kwenye maduka makubwa. Kazi ikafanyika, mshauri akalipwa, unga ukaingia madukani. Miaka miwili baadaye wakaguzi wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wakapitia vitabu na kuandika kwamba kampuni haikukata kodi ya zuio kwenye malipo ya dola 22,500, kwa hiyo kampuni yenyewe inadaiwa.

"Kaka, mimi nimedaiwaje kodi ya mtu mwingine?" aliniuliza. "Yule baba ana kampuni yake Kenya, analipa kodi kwao, na nusu ya kazi ameifanya akiwa sebuleni kwake."

Katika maneno hayo kuna hoja tatu, na zote tatu hazimsaidii. Iliyoweza kumsaidia ilikuwa kwenye bahasha ya risiti ambayo mhasibu wake alikuwa ameisahau kwenye droo. Nitaeleza jambo hili kwa kufuata faili lake. Takwimu nimezilainisha kidogo na majina nimeyaacha.

Kwanza, kwa nini anadaiwa yeye. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inamtaka mkaazi anayelipa ada ya huduma kwa mtu asiye mkaazi, ilhali chanzo cha malipo hayo ni Tanzania, azuie asilimia 15 na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Anayelipa huitwa wakala wa zuio, hata kama hajawahi kuomba uwakala huo. Kodi ni ya mshauri, lakini mshauri yuko Nairobi na TRA haina mkono wa kumfikia, ndiyo maana sheria imemshika anayelipa. Asipozuia, anatakiwa kulipa kiasi kilekile ambacho angezuia, kwa tarehe ileile ambayo angekipeleka. Baada ya kulipa, sheria inampa haki ya kukidai kiasi hicho kwa aliyelipwa. Haki hiyo nitairudia, kwa sababu wengi hawajui kwamba wanayo, na wanaoijua huitumia vibaya.

Kwa hiyo hoja ya kwanza, kwamba mshauri analipa kodi kwao, haina pa kusimama. Kodi ya Kenya iko kwenye hesabu za Kenya. Kinachoweza kupunguza asilimia 15 ni mkataba wa kuzuia kodi mara mbili kati ya nchi mbili, na Tanzania inayo michache: na Afrika Kusini, India, Zambia, Kanada, Italia na nchi za Skandinavia, miongoni mwa nyingine. Kati ya Tanzania na Kenya hakuna unaofanya kazi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2010, lakini haujaanza kutumika. Wafanyabiashara wengi hujikwaa hapa, kwa sababu wamezoea kusikia habari za soko la pamoja wakadhani jirani si mgeni. Kwa kodi ya zuio, mshauri wa Nairobi na mshauri wa Oslo wote si wakaazi, na ajabu yake ni kwamba yule wa Oslo ndiye mwenye mkataba wa kukimbilia.

Neno "mkaazi" nalo lina mtego wake, kwani halihusiani na uraia. Mtu binafsi aliyekaa Tanzania siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato huhesabiwa mkaazi wa mwaka huo, hata kama pasipoti yake ni ya nchi nyingine. Ipo pia njia ya kuhesabu wastani wa siku zinazozidi 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Mgeni aliyepanga nyumba Mikocheni na kufanya kazi miezi minane huenda ni mkaazi, na ada yake ya ushauri ikazuiwa asilimia 5 badala ya 15. Nimewahi kuona dai likishuka kwa theluthi mbili kwa sababu ya mihuri ya uhamiaji kwenye pasipoti. Kwa upande mwingine, Mtanzania aliyehamia Muscat miaka kumi iliyopita anayekuandikia mpango wa biashara huenda si mkaazi, na kumlipa kwa simu ya ndugu yake wa Kariakoo hakubadilishi hilo.

Mshauri wetu alikaa Dar siku 16 tu. Tena mkataba ulifanywa na kampuni yake iliyosajiliwa na kuendeshwa Nairobi, si yeye binafsi. Mlango huo ukafungwa mapema.

Hoja ya pili ndiyo iliyosumbua watu kwa miaka, na hata sasa naikuta kwenye barua za pingamizi zilizoandikwa na watu waliosoma: kazi imefanyika nje ya nchi, kwa hiyo chanzo cha malipo si Tanzania. Malipo ya mshauri yalikuwa matatu. Machi alilipwa dola 8,000 kwa awamu ya kwanza, aliyoifanya ndani ya kiwanda akikagua mashine, maghala na vyoo vya wafanyakazi. Juni alilipwa dola 12,000 kwa kuandika miongozo, kazi aliyoifanya Nairobi mbele ya kompyuta. Septemba akarudishiwa dola 2,500 za gharama za safari. Mwenye kiwanda alikuwa tayari kukubali kodi ya zile 8,000, lakini zile 12,000 alizikatalia kabisa.

Sheria inasema malipo ya huduma yana chanzo Tanzania ikiwa huduma imetolewa ndani ya Jamhuri ya Muungano, bila kujali mahali malipo yalipofanyikia. Ugomvi wote uko kwenye "imetolewa". Je, huduma hutolewa pale mtoaji alipokaa akifanya kazi, au pale mpokeaji anapoipokea na kuitumia? Kampuni ya kutafuta mafuta na gesi ya Tullow Tanzania BV ililipeleka swali hilo hadi Mahakama ya Rufani. Watoa huduma wake walikuwa nje ya nchi na walifanya kazi wakiwa huko, na kampuni ikasema hapana chanzo hapa. Mwaka 2018 Mahakama ikaamua vinginevyo: kutoa huduma kuna maana ya kuifikisha kwa mwenye kuihitaji, na kwa kuwa aliyelipa alikuwa Tanzania na huduma ilitumika katika shughuli zake za Tanzania, chanzo cha malipo ni Tanzania.

Kiswahili chenyewe, naona, kilikuwa upande wa Mahakama. Ukisema umetoa, msikilizaji hukuuliza umempa nani. Lakini hiyo ni porojo yangu tu, maana sheria iliyosomwa mahakamani ilikuwa ya Kiingereza.

Matokeo yake kwa kiwanda cha unga ni wazi. Miongozo iliandikwa Nairobi, lakini ililetwa Dar, ikabandikwa kwenye kuta za Dar, na ndiyo wanayoifuata wafanyakazi wa Dar kila asubuhi wanapoosha mikono. Kupingana na hilo mbele ya Kamishna ni kupoteza muda, na muda wenyewe unazaa riba. Nilimwambia hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hatuwezi angalau kujaribu. Tungeweza. Ila pingamizi lenye hoja iliyokwisha kuamuliwa na Mahakama ya Rufani humfanya afisa asome na hoja zako nzuri kwa jicho la mashaka.

Hoja ya tatu, kwamba mshauri hana ofisi wala tawi Tanzania, huwa na uzito pale penye mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, kwa sababu mikataba mingi hudai kuwepo kwa kituo cha kudumu kabla faida ya biashara haijatozwa kodi. Hata penye mkataba, inabidi uusome wote, uone kama una kifungu cha ada za kitaalamu au za uendeshaji, na upate hati ya ukaazi wa kikodi kutoka mamlaka ya nchi ya mshauri. Pasipo mkataba, kukosa ofisi hapa ndiko hasa kunakofanya zuio liwe kodi ya mwisho kwake: halazimiki kuwasilisha ritani Tanzania, na asilimia 15 imemaliza.

Baada ya kuzika hoja hizo tatu tuligeukia bahasha ya risiti. TRA walikuwa wamekokotoa asilimia 15 ya dola 22,500 zote. Kwa urahisi nitumie shilingi 2,400 kwa dola kwa malipo yote, ingawa katika hesabu halisi kila malipo hubadilishwa kwa kiwango cha siku yake. Jumla inakuwa shilingi 54,000,000, na kodi 8,100,000. Lakini ada ya huduma, kwa tafsiri ya sheria, ni malipo kwa kadiri yanavyohusiana na huduma yenyewe. Mtu akikununulia tiketi ya ndege kwa niaba yako na ukamrudishia pesa yake, kile ulichomrudishia si ujira wake. Tatizo ni ushahidi. Ukirudisha kwa mkupuo, bila risiti, hakuna anayeweza kutofautisha marejesho na ada iliyobadilishwa jina, na mkaguzi ana haki ya kuiona yote ni ada.

Tukamwaga bahasha mezani. Ilikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi na ankara ya hoteli yenye jina la kampuni ya Dar, jumla dola 1,600. Kulikuwa na vikaratasi vya teksi vya dola 300, vingine vimefifia hadi huoni tarehe. Dola 600 zilizobaki ziliandikwa kwenye ankara ya mshauri kwa neno moja: "kujikimu". Hazikuwa na risiti wala kifungu kwenye mkataba kinachozitaja. Mhasibu alitaka tuzipinge zote 2,500. Nikakataa zile 600. Posho ya mkupuo anayolipwa mtoa huduma, bila uthibitisho wa alichotumia, ni sehemu ya alicholipwa kwa kazi, na ukiing'ang'ania unaichafua na tiketi iliyo safi.

Hivyo dai likagawanyika. Dola 20,600 tulizikubali, kodi yake shilingi 7,416,000. Dola 1,900 tulizipinga, kodi yake shilingi 684,000.

Mgawanyo huo una faida kubwa kuliko unavyoonekana, na hapa lazima nieleze taratibu za pingamizi kidogo. Kabla ya hapo, angalia kwanza umepokea karatasi gani. Baada ya ukaguzi, mara nyingi TRA huanza kwa barua ya matokeo ya awali, inayokuita utoe maelezo. Hiyo bado ni mazungumzo, na ni nafasi bora kuliko zote, kwa sababu mkaguzi anaweza kuondoa kipengele kwa kalamu yake mwenyewe bila kesi. Inayofuata ni hati ya makadirio, na siku ilipokufikia ndipo saa inapoanza kugonga: unazo siku 30 kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu. Mwenye kiwanda aliniletea barua ikiwa na siku 11 mezani kwake, akiamini ni ya awali. Ilikuwa makadirio. Siku 19 zilitosha, lakini nimeona waliofika wamebakiwa na siku mbili, na waliofika zimekwisha. Ukiona siku hazitoshi kwa sababu ya kweli kama ugonjwa au safari ya nje, omba kuongezewa muda kabla hazijaisha.

Pingamizi halipokelewi mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka ulipe kwanza kiasi usichokipinga, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kikubwa kati ya hivyo viwili. Theluthi ya 8,100,000 ni 2,700,000. Tusichokipinga ni 7,416,000. Kikubwa ni hicho cha pili, kwa hiyo ndicho tulicholipa. Anayepinga kila kitu hulipa theluthi tu na kuondoka akidhani amewazidi ujanja, lakini salio la kile anachodaiwa kwa haki linaendelea kukua. Na asiyelipa chochote, wala hakupata ruhusa ya Kamishna ya kupunguziwa amana hiyo kwa sababu za msingi, pingamizi lake halipo kisheria hata kama lina mhuri wa kupokelewa. Makadirio yanabaki kama yalivyo.

Kuhusu kukua kwa deni: riba ya ucheleweshaji hujumlishwa kila mwezi juu ya deni na riba iliyokwisha kuingia, na kila malipo yana tarehe yake ya kuanzia. Kodi ya malipo ya Machi ilipaswa kufika TRA kufikia tarehe 7 Aprili 2023, kwa hiyo riba yake ni ndefu kuliko ya Septemba. Kiwango chenyewe hufuata kile kinachotajwa kisheria kwa kipindi husika. Kwa kuelewa tu, tuchukue asilimia 1 kwa mwezi. Kodi ya dola 8,000 za Machi ni shilingi 2,880,000. Baada ya miezi 24, riba inakaribia shilingi 777,000. Isingekuwa inajumlishwa ingekuwa 691,200. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye mfano huu, lakini kwenye malipo ya mamia ya mamilioni, mtu anaweza kukuta riba na adhabu vinaikaribia kodi yenyewe. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukagua kwenye hesabu ya riba ni kama wakaguzi wameanzia tarehe sahihi kwa kila malipo. Kwetu walikuwa wameanzia Aprili kwa yote matatu. Walikubali kosa hilo siku hiyohiyo, bila ubishi, na likaondoa pesa nyingi kuliko hoja yangu ya teksi.

Barua ya pingamizi yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Nanukuu sehemu moja ili msomaji aone ninachomaanisha ninaposema hoja iwe na kidole cha kuonyesha: "Hatupingi kodi ya zuio juu ya ada ya dola 20,000 na posho ya dola 600, na tumelipa shilingi 7,416,000 kama inavyoonekana kwenye kiambatisho cha kwanza. Tunapinga kujumuishwa kwa dola 1,900 kwa kuwa ni marejesho ya gharama halisi za safari, kama inavyoonekana kwenye kiambatisho cha pili, na kwamba kifungu cha 6 cha mkataba kinatenganisha gharama hizo na ada. Tunaomba makadirio yarekebishwe kutoka shilingi 8,100,000 kuwa 7,416,000." Hapakuwa na malalamiko kuhusu mazingira ya biashara wala historia ya kampuni. Afisa anataka kujua unapinga nini, kiasi gani, kwa sababu ipi, na unataka abadilishe tarakimu gani.

Kamishna anayo miezi sita ya kuamua tangu apokee pingamizi. Jibu letu lilikuja mwezi wa nne. Tiketi na hoteli zilikubaliwa. Teksi zilikataliwa, kwa kuwa vikaratasi havikuonyesha nani alilipa wala lini. Kodi ya dola 300 ni shilingi 108,000. Tungeweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, na tukishindwa hapo Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani. Kwa 108,000? Mwenye kiwanda alilipa mchana uleule. Jumla ya kodi ikawa shilingi 7,524,000.

Riba ni jambo jingine, nayo ilishughulikiwa kwa barua ya peke yake. Kodi ya msingi hujadiliwa kwa sheria, ilhali riba na adhabu mtu anaweza kuomba apunguziwe kwa sababu za msingi. Katika ombi hilo tulieleza kwamba malipo yote yalipitia benki na yameandikwa vitabuni waziwazi, kwamba hakuna kilichofichwa, na kwamba kodi ilikwisha lipwa kabla hata ya uamuzi. Sikuandika kwamba mteja hakujua sheria. Kila anayedaiwa huandika hivyo, na kutojua hakujawahi kuwa sababu ya msingi.

Sasa ile haki ya kumdai mshauri. Kabla ya kupiga simu Nairobi tulifungua mkataba kuona unasemaje kuhusu kodi, kwa sababu kila kitu kinategemea hapo. Wa kwetu ulisema kila upande utabeba kodi zake. Maana yake ada ya dola 20,000 ilikuwa kabla ya kodi, na mshauri alipokea zaidi ya alichostahili kupokea mkononi. Ungesema "mshauri atapokea dola 20,000 kamili bila makato yoyote", hesabu ingegeuka. Dola 20,000 zingekuwa ndiyo asilimia 85 iliyobaki baada ya kodi, ada halisi ingekuwa 20,000 gawanya kwa 0.85, yaani dola 23,529 na senti, na kodi ingekuwa dola 3,529 badala ya 3,000. Tena hakuna ambacho ungemdai mshauri. Kishazi hicho cha "bila makato" kiko kwenye mikataba mingi inayoandikwa na washauri wa nje, na watu hukitia saini wakidhani kinahusu ada za benki.

Mshauri alipopigiwa simu alishtuka, kisha akawa muungwana. Alisema pesa hizo zimekwisha tumika, na kwamba bila cheti hana hata cha kumwonyesha mhasibu wake. Ombi la cheti ni la haki: wakala wa zuio anatakiwa kumpa aliyekatwa cheti cha kodi ya zuio, na hata kodi ikilipwa kwa kuchelewa, ni karatasi inayothibitisha kwamba imelipwa kwa jina lake. Wakakubaliana kwamba arudishe dola 1,500, nazo zikatwe kwenye mapitio ya mwaka ya mfumo, kazi nyingine ya dola 6,000 aliyokuwa ameshapewa. Zilizobaki kiwanda kimezibeba. Riba sikumshauri aidai kabisa. Haki ya kisheria ni ya kodi, na aliyechelewa ni kiwanda.

Kwenye vitabu, dola 1,500 zikaandikwa kama deni linalodaiwa mshauri. Sehemu iliyobebwa na kiwanda isiingizwe kwenye matumizi yanayopunguza faida inayotozwa kodi, kwa kuwa kodi inayolipwa chini ya sheria hiyo haikubaliki kama gharama, na adhabu vilevile. Mhasibu alikuwa amekwisha iandika yote kwenye ada za kitaalamu. Angeacha hivyo, ukaguzi ujao ungeanzia hapo.

Kabla hatujafunga faili tukapitia leja ya miaka mitano nyuma kutafuta malipo mengine yaliyokwenda nje. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja. Njia nyepesi si kuanza na leja bali na taarifa za benki: chuja miamala ya fedha za kigeni, kisha kwa kila mmoja uliza ni bidhaa au ni huduma. Mashine ya kufungashia iliyotoka India ilikuwa bidhaa, lakini fundi aliyekuja kuifunga alilipwa kwa ankara tofauti ya dola 1,200. Hiyo ni huduma, na haikuwa imekatwa. India ina mkataba na Tanzania, kwa hiyo ilitubidi tuusome kwanza na kumwandikia muuzaji kuomba hati ya ukaazi. Tulipata pia ada ya mbunifu wa vifungashio wa Kampala, dola 400. Hii haikuwa na cha kusoma. Tuliilipia wenyewe kabla hatujaulizwa.

Mapitio ya mwaka yalifanyika mwezi uliofuata, na hapo mhasibu akanipigia simu akiwa amechanganyikiwa. Ankara ni dola 6,000, tunakata deni la 1,500, zinabaki 4,500. Je, asilimia 15 ni ya 4,500? Swali zuri, na jibu la haraka lingekuwa la makosa. Kwa sheria, kumpunguzia mtu deni ni kumlipa pia. Huduma ni ya dola 6,000, kwa hiyo zuio ni dola 900. Mshauri anatumiwa 3,600, deni lake la 1,500 linafutwa, na 900 zinakwenda TRA.

Alizilipa tarehe 4. Alinitumia picha ya risiti ya malipo na swali moja tu: cheti kiandikwe jina la mshauri au la kampuni yake? La kampuni yake, nikamjibu. Ndiyo iliyo kwenye mkataba.